Kiwanda kinapokupangia bei na eneo la kuuzia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye duka au msambazaji aliyeshikishwa karatasi na kiwanda inayomwambia auze kwa bei gani na amuuzie nani. Msingi wake ni Sheria ya Ushindani ya Kenya, Na. 12 ya 2010. Panapohitajika tunapita Ulaya na Marekani, kwa sababu hoja nyingi zinazotumiwa leo Nairobi zilibishaniwa huko kwanza.

## Kiwanda kina haki ya kuniambia nisiuze chini ya bei fulani?

Kwa Kenya, hapana. Kifungu cha 21 kinakataza mapatano yanayozuia au kupunguza ushindani, na kinasema wazi kwamba mapatano hayo si ya washindani peke yao. Yale ya kiwanda na wateja wake yamo pia. Kisha kinataja mifano ya makatazo kwa majina, na mmoja wapo ni kumwekea muuzaji bei ya chini kabisa ambayo haruhusiwi kuishusha.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Ukishanunua mzigo na kuulipia, mali ni yako. Ukioza ni hasara yako, ukiibwa ni hasara yako, na ukikaa rafu miezi sita kodi ya duka unalipa wewe. Anayebeba hasara ndiye anayefaa kuamua kama ataridhika na faida ndogo ili auze haraka.

## Mbona basi bei imechapishwa kwenye pakiti yenyewe?

Kwa sababu kupendekeza bei kunaruhusiwa. Sheria inaweka masharti mawili, na yote mawili lazima yatimie. La kwanza, kiwanda kimwambie muuzaji waziwazi kwamba bei hiyo haimfungi. La pili, kama bei imechapishwa kwenye bidhaa au kwenye karatasi inayohusu bidhaa, kando yake pawe na maneno yanayoonyesha kwamba ni bei inayopendekezwa.

Viwanda vingi hukumbuka sharti la pili na kusahau la kwanza. Utaona pakiti imechapwa vizuri kabisa, halafu mwakilishi wa mauzo anapita dukani na kukwambia, "Hiyo ndiyo bei, usishuke." Kwa maneno hayo pendekezo limegeuka amri, na maandishi ya kwenye pakiti hayakiokoi kiwanda.

## Na kiwanda kikiniwekea bei ya juu nisiyopaswa kuipita?

Hilo ni jambo jingine. Katazo lililotajwa kwa jina ni la bei ya chini. Bei ya juu mara nyingi humsaidia mnunuzi, hasa pale penye muuzaji mmoja tu mtaani anayeweza kujipandishia atakavyo. Angalia tu isije ikawa bei ya juu kwa jina na bei moja ya lazima kwa vitendo. Ikiwa anayeuza chini yake anaadhibiwa, jina halina maana, kwa sababu kifungu hichohicho kinakataza pia kupanga bei ya kuuzia kwa njia ya moja kwa moja au ya kuzunguka.

## Mkataba wangu hausemi lolote juu ya bei. Bado kunaweza kuwa na kosa?

Ndiyo, na kwa kawaida ndivyo ilivyo. Ni nadra siku hizi kukuta mkataba unaosema "hutauza chini ya shilingi kadhaa." Wanasheria wa kiwanda wameshaliondoa neno hilo. Bei ya lazima hujificha kwenye bonasi, kwenye muda wa kulipa deni, kwenye mzigo unaochelewa, na kwenye ujumbe wa simu.

Tuchukue mfano wa kubuni, tuufuate kwa hesabu. Kiwanda cha magodoro kinamuuzia mwenye duka wa Nakuru godoro kwa shilingi 9,000. Bei "inayopendekezwa" ni 12,000. Kwa bei hiyo anauza magodoro 20 kwa mwezi, faida 3,000 kwa kila moja, yaani 60,000. Akishusha hadi 10,800, anauza 40. Faida ya kila godoro ni 1,800, lakini kwa mwezi anapata 72,000. Kushusha bei kunamlipa, na kila mnunuzi anaokoa 1,200. Kwa hiyo anashusha.

Kiwanda hakimwambii aache. Kinatangaza bonasi ya kila miezi mitatu: asilimia kumi ya bei ya jumla kwa kila godoro, kwa wale "walioheshimu soko." Sasa piga hesabu upya kwa miezi mitatu. Akishusha bei anauza magodoro 120 na kupata faida ya 216,000, bonasi hana. Akishikilia 12,000 anauza 60, faida 180,000, pamoja na bonasi ya 900 kwa kila godoro, yaani 54,000. Jumla 234,000. Kwa nusu ya mauzo anapata zaidi, bila mtu kumtisha wala kumwandikia barua.

Hapo ndipo mchunguzi huanza kuuliza: bonasi hii inalipwa kwa kazi gani? Ingekuwa ya kuuza mizigo mingi, mwenye duka huyu aliyeuza 120 ndiye angestahili. Ingekuwa ya kupamba duka au kupeleka godoro hadi nyumbani kwa mteja, pangekuwa na orodha ya kazi hizo. Ikiwa sharti pekee linaloonekana ni bei, basi bonasi ni bei ya lazima iliyovalishwa nguo nyingine, na maneno ya sheria kuhusu kupanga bei kwa njia ya kuzunguka yanaihusu.

Dalili nyingine ni ya mpangilio wa tarehe. Jumatatu umetangaza punguzo, Jumatano mwakilishi wa mauzo amepiga simu, Ijumaa oda yako "imekwama kwenye mfumo." Ukirudisha bei, mfumo unapona. Tarehe tatu kama hizo zikiandikwa pamoja huwa na uzito kuliko malalamiko ya kurasa kumi.

## Kiwanda kinadai hakuna mapatano. Kilitangaza msimamo wake tu. Utetezi huo unasimama?

Marekani una historia ndefu. Tangu kesi ya Colgate ya 1919, mahakama za huko zinakubali kwamba kiwanda kinaweza kutangaza bei kinayoitaka na kukataa kumuuzia asiyeifuata, mradi hakifanyi makubaliano naye.

Kesi inayotajwa zaidi leo ni ya Leegin, watengenezaji wa mikanda na mikoba ya ngozi ya chapa ya Brighton. Mwaka 1997 walitangaza kwamba hawatawauzia maduka yanayoshusha bei yao. Mwaka 2002 wakagundua kuwa duka moja la Texas, Kay's Kloset, lilikuwa likishusha kwa karibu asilimia 20. Wakalitaka liache, likakataa, wakalikatia mzigo. Kampuni yenye duka hilo, PSKS, ikashtaki. Baraza la wazee wa mahakama likaipa fidia ya dola milioni 1.2, ambayo kwa sheria yao huzidishwa mara tatu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na tarehe 28 Juni 2007, kwa majaji watano dhidi ya wanne, mahakama ikafuta kanuni iliyodumu tangu kesi ya Dr. Miles ya 1911. Tangu hapo, katika sheria ya shirikisho, bei ya chini ya lazima si haramu papo hapo. Hupimwa kwa faida na madhara yake.

Watu huja na Leegin mkononi wakidhani inawasaidia Kenya. Haiwafikishi mbali. Kwanza, bunge la Kenya lilipitisha sheria yake mwaka 2010, miaka mitatu baada ya hukumu hiyo, na bado likaitaja bei ya chini ya lazima kwa jina. Pili, kifungu cha 21 hakiishii kwenye mapatano. Kinataja pia maamuzi ya kampuni na mwenendo wa kuelewana. Kwa hiyo "ulikuwa uamuzi wetu wenyewe" ni mlango mwembamba sana kuupitia.

Ulaya wana msimamo mkali pia, ingawa tarehe 29 Juni 2023, katika kesi ya bia ya Super Bock ya Ureno, mahakama yao ilisema mamlaka haziwezi kuhukumu kwa kuona jina tu. Lazima zitazame mapatano yenyewe na mazingira yake ndipo ziseme yana madhara kiasi cha kutosha.

## Kwani kiwanda kinafaidi nini nikiuza ghali? Si kingependa niuze kwa wingi?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na waliolifikiria hawakubaliani hadi leo.

Hoja ya upande wa viwanda ni hii. Mwenye duka mmoja ameajiri kijana anayejua vitu, ameweka magodoro matatu ya kujaribia, anaeleza tofauti ya sponji na springi kwa nusu saa. Mteja anashukuru, anatoka, anavuka barabara na kununua kwa jirani asiye na kijana wala godoro la kujaribia, na ambaye kwa sababu hiyo anaweza kuuza kwa bei ya chini. Mwaka ukiisha yule wa kwanza atamfukuza kijana. Kiwanda kitakuwa na maduka mengi ya bei nafuu na hakuna hata moja linaloeleza bidhaa yake. Bei ikiwa moja kote, mteja hana sababu ya kuvuka barabara.

Hoja hiyo ina ukweli kwa bidhaa zinazohitaji maelezo. Kwa sukari, sabuni ya kufulia au saruji haina. Hakuna anayehitaji nusu saa ya maelezo ili anunue mfuko wa saruji, na kiwanda kinachoitumia hoja hiyo kwenye bidhaa za namna hiyo kinafaa kutazamwa kwa jicho la pili.

Hata pale inapofaa, ina tundu. Bei ya lazima inampa mwenye duka faida nono, lakini haimlazimishi kutoa huduma. Anaweza kuichukua faida na kumfukuza kijana vilevile. Kiwanda kinachotaka huduma kina njia iliyonyooka zaidi ya kuinunua: kulipa mshahara wa mwelezaji, kutoa godoro la kujaribia bure, au kulipa kiasi fulani kwa kila duka lenye vitu hivyo. Mtu akikwambia bei ya lazima ilikuwa ya huduma, mwulize kwa nini hakulipia huduma.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Viwanda vitatu vilivyokubaliana chinichini kutoshusha bei vina shida moja: kila kimoja kinaogopa mwenzake atashusha bei ya jumla kwa siri. Bei ya dukani ikiwa imefungwa, hakuna anayenufaika kwa kushusha ya jumla, kwa kuwa punguzo halifiki kwa mnunuzi na mauzo hayaongezeki. Pia kila mmoja anaweza kumchunguza mwenzake kwa kutembea tu madukani akisoma bei. Kwa hiyo bei ya lazima inaweza kuwa gundi ya njama iliyoko juu, huko ambako mwenye duka haoni.

## Sisi wenye maduka ndio tuliokiomba kiwanda kimdhibiti mwenzetu anayeharibu bei. Kuna ubaya?

Upo, na huenda ukawa mkubwa kuliko wa kiwanda. Wenye maduka wanaouza bidhaa moja mji mmoja ni washindani. Wakikutana, iwe hotelini au kwenye kundi la WhatsApp, wakakubaliana bei isishuke, hiyo ni njama ya washindani. Kumtumia mwenye kiwanda kama rungu hakubadilishi kitu.

Kundi la WhatsApp ni hatari kwa namna yake. Mwakilishi wa mauzo analianzisha ili kutangaza bidhaa mpya. Baada ya wiki mbili mtu anabandika picha ya tangazo la jirani yake: "Mheshimiwa, mwone huyu." Wengine wanaweka alama za kukubali. Mwakilishi anajibu, "Nitaongea naye." Wale walioweka alama tu hawakuona kama wamefanya jambo. Lakini mchunguzi akiisoma simu hiyo anaona washindani wakilalamikia bei ya mwenzao, na kiwanda kikiahidi kuitengeneza. Ukijikuta humo, andika kwamba hushiriki mazungumzo ya bei, kisha toka. Kunyamaza hakukutoshi.

## Mimi ni wakala. Bei yangu si inaweza kupangwa?

Inategemea wewe ni wakala wa kweli au wa jina. Wakala wa kweli hanunui mzigo. Mali inabaki ya kiwanda hadi mteja ailipie, na wakala anapata kamisheni. Hapo hakuna kuuza tena, kwa hiyo kiwanda kinapanga bei ya mali yake chenyewe.

Jaribio lake ni moto. Ghala lako likiungua usiku wa leo, nani kapata hasara? Kama ni wewe, na kama ulilipia mzigo, na kama usipouzika haurudi kiwandani, wewe ni mnunuzi hata ikiwa juu ya mlango wako pameandikwa "wakala rasmi."

## Kupewa eneo langu peke yangu, je, ni kosa?

Hapa jibu si la moja kwa moja kama la bei. Kifungu cha 21 kinataja pia kugawana soko kwa kupangiana wateja au maeneo, kwa hiyo mkataba wa eneo haupiti bila kuangaliwa. Lakini eneo lina faida ambayo bei ya lazima haina. Mtu anayepeleka bidhaa mpya mji ambao hakuna anayeijua atanunua gari, atalipia tangazo la redio, atafunza fundi. Akijua kwamba mwezi wa saba kiwanda kitamleta mwingine avune alichopanda yeye, hatathubutu kuanza.

Swali linaloamua ni hili: ukuta wa eneo una mlango, au umezibwa kabisa? Kesi iliyolifundisha dunia swali hilo ni ya Grundig.

Grundig walikuwa watengenezaji wa redio, televisheni na mashine za kurekodi sauti, Ujerumani. Mwaka 1957 waliipa kampuni ya Consten ya Ufaransa haki ya kuwa msambazaji wao pekee huko. Consten ilikubali kununua kiasi fulani, kutangaza, kuweka karakana ya matengenezo yenye vipuri, na kutouza bidhaa za washindani. Mpaka hapo ni mkataba wa kawaida. Lakini Grundig waliongeza mambo mawili. Waliwakataza wasambazaji wao wote, pamoja na wauzaji wa jumla wa Ujerumani, kuuza nje ya maeneo yao. Na waliipa Consten alama ya biashara ya GINT, iliyobandikwa kwenye kila mashine, isajiliwe Ufaransa kwa jina lake. Kwa hiyo hata mashine halali ya Grundig, iliyonunuliwa kihalali Ujerumani, ikivuka mpaka ingeweza kushtakiwa kwa kukiuka alama ya Consten.

Mwaka 1961 kampuni ya Paris iitwayo UNEF ilianza kununua mashine kutoka kwa wafanyabiashara wa Ujerumani na kuziuza Ufaransa kwa bei nafuu. Consten ikaishtaki. Shauri likafika kwa Tume ya Ulaya, ambayo mwezi Septemba 1964 ilisema mkataba ni batili, kisha kwa Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya, iliyohukumu tarehe 13 Julai 1966.

Grundig walijitetea kwamba wao na Consten si washindani, na kwamba ushindani wa kweli ni kati ya Grundig na chapa nyingine. Mahakama ikakataa. Ikasema mapatano ya kiwanda na msambazaji yanaweza kuua ushindani kati ya wauzaji wa bidhaa ileile, na kwamba kumzingira msambazaji mmoja hadi asiguswe na yeyote ni kosa kwa lengo lake tu, bila kungoja athari zihesabiwe. Hata alama ya GINT haikuruhusiwa kutumika kama kufuli. Jambo ambalo wengi hawalitaji ni kwamba Mahakama haikuubatilisha mkataba wote. Iliirekebisha hukumu ya Tume, ikisema vifungu visivyohusika na kuziba soko vinaweza kubaki. Consten kuwa msambazaji pekee halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna Mfaransa atakayeipata mashine kwa njia nyingine yoyote.

## Mteja wa eneo la mwenzangu akija mwenyewe dukani kwangu, nimkatae?

Ulaya wameliweka hili kwa kanuni, na toleo la sasa lilianza kutumika tarehe 1 Juni 2022. Kiwanda kinaweza kukukataza kwenda kuwatafuta wateja wa eneo alilopewa mwenzako: kufungua tawi huko, kutuma wauzaji, kulenga matangazo. Hakiwezi kukukataza kumhudumia aliyekuja mwenyewe. Msamaha wa kanuni hiyo, yaani ruhusa ya kiwanda kukukataza hivyo, unafaa tu kama kiwanda na mnunuzi wake kila mmoja hana zaidi ya asilimia 30 ya soko lake, na eneo moja haliwezi kuwa na wasambazaji wateule zaidi ya watano.

Kifungu cha Kenya hakina mgawanyo huo kwa maneno. Hata hivyo, ukisoma mkataba wako, tafuta sentensi inayokukataza kumuuzia mtu kwa sababu ya anakotoka. Hiyo ndiyo sentensi ya Grundig. Na mwakilishi anayeuliza risiti zako ili aone wateja wanatoka wapi, au anayeweka alama za siri kwenye katoni ili ajue nani kavujisha mzigo nje ya eneo, anaziba mlango hata kama mkataba umeuacha wazi.

## Nililipia eneo, kisha nikanyang'anywa. Nafanyaje?

Usidhani kipengele cha usuluhishi kwenye mkataba kimekufungia mahakama. Bia Tosha, msambazaji wa bia, aliishtaki Kenya Breweries na wenzake mwaka 2016, akidai alilipia maeneo ya usambazaji kisha akanyimwa. Upande wa pili ukasema mkataba unataka mambo yaende kwa msuluhishi. Tarehe 17 Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba Mahakama Kuu inaweza kulisikiliza shauri hilo kwa kuwa linagusa haki za kikatiba. Hukumu hiyo ilikuwa juu ya nani asikilize, si juu ya uhalali wa maeneo, na isisomwe zaidi ya hapo.

## Bei na eneo vikiwa kwenye mkataba mmoja?

Vinaumizana. Eneo peke yake linaweza kuvumilika kwa sababu mteja asiyeridhika anaweza kuvuka na kununua kwa mwingine. Ukiongeza bei ya lazima, akivuka anakuta bei ileile. Utetezi wa eneo, kwamba linamlipa aliyewekeza, unapoteza nguvu mtu akishalipwa pia kwa bei iliyofungwa.

## Kuna namna ya kuombea ruhusa?

Ipo. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya inaweza kutoa msamaha kwa mapatano ambayo yangekuwa kosa, ikiwa yanasaidia mauzo ya nje, yanaboresha uzalishaji au usambazaji au kuuzuia usidorore, yanaleta maendeleo ya kiufundi au ya uchumi, au faida yake kwa umma inazidi ushindani unaopotea. Kiwanda kinaomba kabla, kwa maandishi, na msamaha huwa na muda na masharti. Kwa eneo la kuanzishia bidhaa mpya, maombi yana maana. Kwa bei ya chini ya lazima, jiandae kueleza kwa nini huduma haikuweza kulipiwa moja kwa moja.

## Adhabu ni kiasi gani?

Kwa njia ya mahakama, kifungo kisichozidi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi milioni 10, au vyote viwili. Kwa njia ya Mamlaka yenyewe, adhabu ya fedha inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya kampuni nchini Kenya ya mwaka uliotangulia, na kwa kiwanda kikubwa hiyo ya pili ndiyo inayouma. Asiyeridhika hukata rufaa kwa Baraza la Ushindani.

Ulaya, mwezi Julai 2018, Asus, Denon & Marantz, Philips na Pioneer walitozwa jumla ya zaidi ya euro milioni 111 kwa kuwabana wauzaji wa mtandaoni wasishushe bei. Walikuwa wakiwafuata hasa wale wa bei ya chini kabisa. Maduka mengi ya mtandaoni hutumia programu inayofuata bei za wengine yenyewe, kwa hiyo kumnyamazisha mmoja kulipandisha bei kwingi.

## Nikilalamika, si watanikatia mzigo?

Wanaweza kujaribu, ndiyo maana ushahidi ukusanywe kabla hujaandika barua. Hifadhi ujumbe wa simu pamoja na tarehe na namba, si maneno yaliyonakiliwa. Weka oda zako na siku mzigo ulipofika, za miezi kabla ya kushusha bei na baada yake. Weka orodha za bonasi. Mwakilishi akikwambia jambo kwa mdomo, mwandikie siku hiyohiyo: "Nimekuelewa kwamba nisiuze chini ya 12,000, sivyo?" Akijibu, una ushahidi. Akinyamaza kisha mzigo ukakatwa, unao pia. Unapopeleka malalamiko unaweza kuiomba Mamlaka itunze siri ya taarifa zako, ingawa kwenye mji mdogo wenye muuzaji mmoja aliyeshusha bei, kiwanda kitakisia tu.

Kumbuka pia kwamba kukatiwa mzigo hakuthibitishi kosa peke yake. Kama una deni la miezi minne, kiwanda kitalileta deni hilo mbele, na kitakuwa na haki. Lipa kwanza.

## Eneo langu likivuka mpaka?

Mkataba unaogawa Kenya na Uganda, kwa mfano unaomkataza msambazaji wa Kampala kununua Nairobi, unaweza kuangukia kwa Tume ya Ushindani ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, yenye makao Lilongwe, iliyoanza kazi Januari 2013. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa zimo. Tanzania si mwanachama wa COMESA, kwa hiyo mkataba wa Mombasa na Tanga utazamwe kwa sheria ya Kenya na kwa Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani ya huko. Hiyo nayo inakataza mapatano yenye lengo au athari ya kuzuia ushindani kwa kiasi kinachoonekana. Kabla ya kumwandikia yeyote kati yao, tazama mzigo wenyewe ulinunuliwa nchi gani, ulizuiwa kuingia nchi gani, na nani aliyeandika katazo hilo. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yatakayokuonyesha mlango wa kubisha.